Vichwa vingapi kwa siku? Hesabu ya saluni niliyoikosea miezi sita

Mwenye fremu wangu hapa Tabata alinipigia simu mwezi wa sita kunikumbusha kodi. Tulikubaliana 300,000 kwa mwezi, inalipwa miezi 6 kwa mkupuo, kwa hiyo alikuwa anasubiri 1,800,000. Nikafungua droo, nikaangalia na simu. Hela zote pamoja hazikufika hata laki mbili.

Kilichonichanganya ni kwamba miezi yote hiyo sikuwahi kukwama. Wasusi wangu wawili walilipwa kila mwezi, umeme wa LUKU haukukatika, na mimi mwenyewe nilijilipa laki tatu. Kila mwisho wa mwezi ilibaki kama elfu ishirini, nikajiona niko salama. Kumbe kodi niliyoilipa mwanzoni ndiyo ilikuwa inaficha hasara. Hela ya fremu ilishatoka mfukoni kabla sijafungua mlango, basi sikuihesabu tena. Lakini saluni ilikuwa inaila kila siku.

Nikaanza upya na daftari. Kwanza, vitu vinavyolipwa hata kama hajaingia mteja mmoja. Kodi 300,000. Wasusi wawili, 250,000 kila mmoja, na binti wa kuosha nywele 150,000. Maji, taka, mlinzi, taa na feni, 110,000. Leseni na kodi ya TRA, nikigawa ya mwaka kwa miezi 12, karibu 40,000. Halafu vifaa: drayer, stima, viti na vioo vilinigharimu 3,600,000, na nikakadiria vitadumu miaka 3, hiyo ni 100,000 kwa mwezi. Mwisho ni hela yangu, 300,000. Wengi wanaiacha hii kwa sababu "saluni ni yangu". Ukiiacha, unahesabu saluni inayoendeshwa na mtu asiyekula.

Jumla 1,500,000.

Upande wa pili ni kile anachoacha mteja. Hapa ndipo nilipojidanganya vibaya zaidi. Kabla ya kufungua nilichukua bei za ukutani, nikazijumlisha na kuzigawa, nikapata 25,000 kwa mteja. Lakini bei za ukutani hazikuambii nani anakuja kufanya nini. Kwa kila anayesuka rasta, wapo kadhaa wanaoosha na kuseti tu, na yupo anayekuja kufumuliwa na kuchanwa. Nilipofungua kaunta buku ya mwezi mmoja, vichwa vilikuwa 120 na mauzo 1,560,000. Gawanya: 13,000 kwa kichwa. Karibu nusu ya nilichoota.

Kama bado hujafungua na huna kaunta buku, nenda kakae kwenye saluni ya mtaa huohuo Jumatano moja na Jumamosi moja. Jisukishe huku unahesabu walioingia na walichofanya. Utapata wastani wa kweli kuliko wa ukutani.

Kisha toa dawa na vifaa vinavyotumika kwa kila kichwa: shampuu, stiming, dawa ya kulainisha, rasta za saluni, umeme wa drayer. Usikadirie kwa macho. Mimi sasa nikifungua kopo naandika tarehe kwa maka peni kwenye kifuniko, kisha tunachora mstari kwa kila kichwa kilichopakwa mpaka liishe. Kopo la 26,000 nilidhani linatosha vichwa 20, yaani 1,300 kila kimoja. Mistari iliishia 13. Binti alikuwa anachota kwa kiganja badala ya kijiko, na inayobaki kwenye bakuli inaoshwa na maji. Ikawa 2,000 kwa kichwa. Nilipofanya hivyo kwa kila kitu na kuchukua wastani wa mwezi, nilipata 4,000.

Kwa hiyo katika 13,000 anazolipa mteja, zinazobaki kulipia fremu, mishahara na mengine ni 9,000. Gawanya 1,500,000 kwa 9,000, unapata vichwa 167 kwa mwezi. Hapo ndipo hupati faida wala hasara. Mimi nilikuwa na 120, maana yake vichwa 47 pungufu, na kila mwezi nilikuwa napoteza kama 420,000 huku nacheka na wateja.

Jambo la kwanza watu waliloniambia ni, "Shoga, waweke wasusi kwa kamisheni." Nikapiga hesabu kabla ya kukubali, na nashukuru. Ukiondoa mishahara yao, gharama za lazima zinashuka mpaka 1,000,000. Lakini kamisheni nayo inakatwa kwa kila kichwa. Asilimia 40 ya 13,000 ni 5,200. Toa na dawa 4,000, unabaki na 3,800. Sasa unahitaji vichwa 264! Tatizo ni kwamba msusi anapata mgawo mpaka kwenye hela ya dawa uliyonunua wewe. Mkikubaliana dawa itolewe kwanza, asilimia 40 inakatwa kwenye 9,000, unabaki na 5,400, na vichwa vinavyotakiwa ni 186.

Bado ni zaidi ya 167, ila ina faida yake. Mwezi mbaya ukiwa na vichwa 120, hasara inakuwa 352,000 badala ya 420,000. Nilipolinganisha, mpaka uko kwenye vichwa 139 hivi: chini ya hapo kamisheni ya baada ya dawa inakulinda, juu ya hapo mshahara ni nafuu kwako. Kwa saluni changa ningeanza na kamisheni. Yangu ilikuwa inapanda, nikabaki na mshahara. Lakini lile neno "baada ya dawa" liandikeni siku ya kwanza. Msusi akishazoea kukatiwa kwenye bei nzima, kumrudisha nyuma ni ugomvi.

Kisha kuna siku. Tunafunga Jumatatu, kwa hiyo siku 26 kwa mwezi. 167 gawanya kwa 26 ni kama vichwa 6 na nusu kwa siku, au 39 kwa wiki. Inaonekana kidogo. Lakini Jumanne mpaka Alhamisi nilikuwa napata 4 kwa siku, jumla 12. Waliobaki 27 lazima waingie Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, 9 kila siku. Wasusi wawili wakifanya kazi saa 11 kila mmoja, nina saa 22. Kichwa cha rasta kinakula saa 5, kuosha na kuseti saa 1. Rasta 3 na vichwa 6 vya kuosha ni saa 21, tunapumua kidogo. Rasta ya nne ikiingia, ni saa 26, na wa kuosha wanaanza kuangalia saa ukutani, kisha wanavuka barabara kwa jirani.

Siku hizi Jumamosi sipokei rasta ya nne. Naipeleka Jumatano na kumpunguzia mteja 3,000, kwa sababu Jumatano kiti kile kingekaa bure. Na kwenye droo kuna bahasha ya khaki ya mwenye fremu. Kila Jumamosi jioni, kabla sijalipa kitu kingine, naingiza 75,000. Wiki 24 zinatosha kufika 1,800,000, na miezi 6 ina wiki 26.