Toroli ya mchanga na mfuko wa saruji havilingani

SWALI: Nataka kumwaga zege kwenye kibaraza cha duka, mita 3 kwa 2, unene sentimita 10. Fundi anasema mifuko miwili ya saruji inatosha: kila mfuko toroli mbili za mchanga na nne za kokoto, eti ndiyo moja-mbili-nne. Ni kweli? Na tutabeba toroli ngapi za zege?

JIBU: Si kweli, na hesabu hii ya kubabaisha naikuta site karibu kila wiki. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli ya kawaida ikisawazishwa kwa ubao, bila kilima juu, huchukua lita 60 hivi, yaani ndoo tatu za lita 20. Fundi wako amehesabu mfuko kama toroli nzima, kwa hiyo anachokuchanganyia ni moja kwa tatu na nusu kwa saba.

Kwa moja-mbili-nne halisi, mfuko mmoja unataka lita 70 za mchanga, yaani toroli moja na nusu ndoo, na lita 140 za kokoto, yaani toroli mbili na ndoo moja. Ukijumlisha unapata lita 245, lakini zege litakalotoka ni lita 155 hivi tu, kwa sababu mchanga huingia kwenye mianya ya kokoto na saruji huingia kwenye mianya ya mchanga.

Kibaraza chako ni lita 600, hivyo ni mifuko minne, toroli nne na ndoo mbili za mchanga, na toroli tisa na ndoo moja ya kokoto. Chini pakiwa na mabonde, weka mfuko wa tano akiba. Sasa linganisha na toroli zake nne za mchanga na nane za kokoto: marundo yanakaribiana, kwa macho huwezi kugundua kitu. Kilichokatwa nusu ni saruji.

Zege bichi ni zito. Lita 40 tu zinakaribia kilo 100, kwa hiyo usimjazie saidia fundi toroli hadi ukingoni. Hesabu safari 15.

Kabla ya kuanza, pima toroli yenu kwa ndoo ya maji, maana hazifanani, na nyingine zimebonyea. Anayekwambia "mimi napima kwa macho" mpe ndoo mkononi. Akiona mchanganyiko mkavu ataongeza maji hadi utiririke, na hapo udhaifu unazidi. Lita 25 hivi kwa mfuko zinatosha, na mchanga ukiwa na unyevu ni chini ya hapo.

Kibaraza dhaifu utakitambua baada ya mwezi: ukifagia kinatoa vumbi kila siku, ukikwaruza kwa msumari kinachimbika, na kona zinamong'onyoka. Hapo hasara ni fedha. Ila fundi huyohuyo, kwa toroli hiyohiyo, kesho anamwaga lenta na nguzo za nyumba ya mtu, na zile zimebeba ukuta na paa.