Por au para katika Kihispania: sababu iko nyuma, kusudi liko mbele

"Mbona kwangu zote mbili ni 'kwa ajili ya'? Nitajuaje ni por au ni para?"

Anayejibu kwamba para ndiyo "kwa ajili ya" amepatia nusu tu, kwa kuwa maneno hayo ya Kiswahili hubeba sababu na kusudi kwa pamoja, ilhali Kihispania huvitenganisha. Yajaribu kwa kuyabadilisha: yakikubali "kwa sababu ya", andika por, yakikubali "ili", andika para. Lo hice por ti ni "nilifanya kwa sababu yako", pengine hata hukuniomba. Lo hice para ti ni "nilikutengenezea", nawe ndiye utakayekipokea.

Katika safari, para huonyesha uendako na por huonyesha unakopitia: Salgo para Sevilla por Córdoba, yaani naondoka kwenda Sevilla kupitia Córdoba. Tarehe ya mwisho nayo huchukuliwa kama mahali pa kufika, ndiyo maana kazi inayotakiwa ifikapo Ijumaa ni para el viernes. Niliwahi kumwandikia mwalimu wangu por el viernes, naye akaniuliza Ijumaa imenikosea nini.

Kuhusu estoy por salir, kipimo hiki cha kubadilisha maneno hakisaidii: sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini humaanisha "niko karibu kutoka", lakini Uhispania husikika zaidi kama "nina wazo la kutoka".