Kabla hujabonyeza "Send", soma hii: sat/vB siyo satoshi

> Wakuu naomba msaada. Nina bitcoin 0.008 kwenye pochi, nataka kumtumia jamaa 0.0015 leo jioni. Kwenye ada pameandikwa sat/vB, na mwalimu wetu wa Telegram kasema niweke 3000 ili iende chap. Kwani hizi satoshi na gwei ni nini hasa, mbona wasitumie namba nzima kama shilingi?

Toa kidole kwenye simu. Iweke mezani kabisa, halafu usome.

Satoshi ndiyo kipande kidogo kabisa cha bitcoin, ila hiyo 3000 uliyopewa siyo satoshi 3000. Ukiiweka hapo, muamala wako mdogo kabisa utakatwa satoshi 423,000 hivi. Wewe unatuma satoshi 150,000. Yaani unampa jamaa yako moja, unampa mchimbaji, yule ambaye kompyuta zake zinaandika miamala, karibu tatu, na salio lako kwa bahati mbaya linatosha, kwa hiyo pochi haitakukatalia. Najua kwa sababu mimi yalinikuta, na niliyoambiwa ni yaleyale neno kwa neno, mpaka hilo "iende chap". Sijui kama ni mwalimu yuleyule au wanafundishana.

Mwisho wa Septemba 2023 nilikuwa nadaiwa na mtu anayeniletea spea za simu, akataka alipwe bitcoin 0.01. Pochini nilikuwa na 0.0182, nilizinunua kidogo kidogo kwa watu, mara tano, nalipa kwa simu. Nilikuwa kwenye kundi ambalo nililipa elfu hamsini ya "darasa". Nikamuuliza mwalimu ada niweke ngapi. Akajibu kwa sauti, bado ninayo: "Weka 1500, hizo ni satoshi tu, satoshi ni senti ya senti." Nikapiga hesabu yangu ya haraka. Bitcoin ilikuwa dola elfu 27 hivi, dola ni shilingi 2,500, satoshi 1500 zinakuja kama shilingi elfu moja. Nikasema mbona rahisi, hata kutuma kwa simu wananikata zaidi.

Nikaandika 1500. Pochi ikaleta maandishi mekundu kwamba ada ni kubwa. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia mwalimu. Akajibu "hiyo huwa inatokea, endelea". Chini yake palikuwa pameandikwa ada 0.006195 BTC, na hapa ndipo ninapojichukia. Niliiona. Niliisoma kabisa. Ila macho yalivyokutana na sifuri, nukta, sifuri, sifuri, akili ikasema hivi ni vumbi. Mtu aliyezoea shilingi akiona namba inaanza na sifuri anajua hapo hakuna kitu.

Nikabonyeza. Ilienda chap kweli, sikatai, bloku iliyofuata tu, yaani ukurasa uliofuata wa daftari la Bitcoin, ilikuwa ndani. Nikabaki na 0.002005. Nikafikiri pochi imekwama, nikaifunga, nikaifungua, nikazima simu, nikawasha. Mke wangu akaniuliza unatafuta nini chini ya meza. Sikuwa na jibu.

Sasa angalia kilichotokea. Ule mkwaju katikati ya sat na vB usomeke "kwa kila". Na vB ni virtual byte, kipimo cha ukubwa wa muamala, hapa nitaiita baiti tu. Kwa hiyo ni satoshi kwa kila baiti ya muamala. Hiyo ni bei ya kipimo kimoja, jumla bado haijaja. Ni sawa na pale sheli, kibao kinaonyesha bei ya lita. Tuseme lita ni elfu tatu na kitu, lakini unacholipa ni bei hiyo mara lita zilizoingia. Mimi nilitaka kutoa shilingi elfu thelathini nijaziwe kidogo, nikaenda nikabadilisha kibao, nikaandika lita moja ni elfu thelathini. Tena ni mteja mwenyewe ndiye nimepandisha bei, mwenye sheli kanyamaza anachekelea.

Na "lita" za muamala wa Bitcoin hazitokani na kiasi unachotuma. Zinatokana na idadi ya vipande. Kila mara uliponunua, kile ulichopokea kimekaa pochini kama noti yake peke yake, hakijachanganyika na vingine. Ukituma, pochi inazikusanya noti hizo, na kwa anwani hizi za kisasa zinazoanza na bc1q kila noti inayotumika inaongeza baiti kama 68. Kila anayepokea anaongeza 31, na chenji inayokurudia nayo inahesabiwa kama mpokeaji. Kifungashio ni kama 11. Kipande kimoja, mpokeaji mmoja na chenji vinakuja 141. Mimi nilikuwa na vipande vitano, kwa hiyo muamala wangu ulikuwa baiti 413. Mara 1500 ni satoshi 619,500. Kwa bei ya siku ile, shilingi laki nne na kumi na nane elfu. Ningeweka 20, ambayo ingetosha bila haraka, ningelipa satoshi 8,260, chini ya elfu sita.

Kwa hiyo kabla hata ya kuuliza ada, angalia wewe umenunua mara ngapi. Kama ile 0.008 imekuja kwa mikupuo minne na pochi ikaamua kuitumia yote, huna baiti 141 tena, una 345.

Nilipomrudia mwalimu aliniambia "ndiyo kujifunza huko mdogo wangu", halafu akanitoa kundini. Mdogo wake! Nimemzidi miaka kumi kwa kumtazama usoni. Hakuwahi kujua vB ni nini, sasa ndiyo naelewa. Alikuwa anatuma kupitia soko la kubadilishia, kule ada unapangiwa, hajawahi kujaza kile kisanduku maishani mwake.

Na usidhani utaurudisha muamala. Kabla haujaingia kwenye bloku unaweza kuubadilisha, lakini muamala wa kubadilishia unatakiwa ulipe ada kubwa zaidi, haushuki. Ukishaingia, ada ni ya mchimbaji. Mwezi uleule wa Septemba 2023 kampuni ya Paxos ilituma bitcoin 0.074 ikalipa ada ya karibu bitcoin 19.8, kama dola laki tano. Wao wachimbaji wa F2Pool waliwarudishia. Mimi nimwandikie nani, "mimi ni fundi simu naomba laki nne yangu"?

Ndiyo maana siku hizi nina sheria moja, na ningekuwa na uwezo ningekuchora tatuu: sibonyezi mpaka ada yote nimeiandika kwenye karatasi kwa satoshi nzima, pembeni nikaandika na shilingi zake. Karatasi na kalamu. Kichwani hapana, ndiko nilikoibiwa.

Namna ya kuigeuza ni hii. Bitcoin moja ni satoshi milioni mia moja, kwa hiyo baada ya nukta kuna nafasi nane. Pochi nyingi zinakata sifuri za mwisho ili kupendeza, na huo ndio mtego wenyewe. Zirudishe. 0.006195 iandike 0.00619500. Sasa futa nukta na sifuri za mbele, inabaki 619500. Weka koma, 619,500. Ndiyo satoshi. Ya kwako 0.0015 inakuwa 0.00150000, yaani 150,000. Ukiziweka juu na chini hivyo, satoshi 150,000 za kutuma na 423,000 za ada, hakuna mtu mwenye akili timamu anayebonyeza. Zikiwa 0.0015 na 0.00423, watu wanabonyeza. Nimebonyeza mimi.

Unauliza mbona wasitumie namba nzima. Wanatumia! Hakuna bitcoin yenye nukta kwenye daftari la Bitcoin. Muamala wako umeandikwa humo 150000, basi. Nukta ni mapambo ya pochi. Kompyuta ukiipa desimali za kawaida inakosea pembeni kidogo, jaribu kwenye Python uone:

```
>>> 0.1 + 0.2
0.30000000000000004
```

Kwenye pesa hiyo 4 ya mwisho ni ugomvi, maana kompyuta zote duniani lazima zifike kwenye jibu moja. Ukihesabu satoshi nzima nzima, ugomvi haupo. Halafu bitcoin hazitazidi milioni 21. Ukizigawa kwa watu bilioni nane, kila mtu anapata satoshi 262,500 hivi, yaani bitcoin 0.002625. Unaona? Satoshi zinasomeka, desimali zinaleta kizunguzungu. Shilingi yetu ina senti mia vitabuni lakini hakuna anayezishika, senti zilikufa kwa sababu shilingi ilishuka. Huku ni kinyume, kitu kizima ndicho hakishikiki.

Gwei ni ya Ethereum, mtandao mwingine wenye sarafu yake iitwayo ETH, na usiifananishe na satoshi. Anayelingana na satoshi kule ni wei, ndiye mdogo wa mwisho, na ETH moja ina wei 1 ikifuatwa na sifuri 18. Gwei ni wei bilioni moja, na ETH moja ni gwei bilioni moja. Kwa hiyo kugeuza ETH kuwa gwei unajaza nafasi tisa, siyo nane. Ukiona gwei kwenye ada, ni kibao cha sheli tena: bei kwa kila kipimo cha gesi, yaani kazi ambayo mtandao unaufanyia muamala wako. Kutuma ETH kawaida kunakula gesi 21,000. Ikiwa 20 gwei, ni gwei 420,000, yaani 0.00042 ETH. Karatasi ileile.

Leo fungua mempool.space, wanaonyesha sat/vB inayolipwa muda huu. Chukua hiyo, zidisha kwa baiti ambazo pochi yako inakuonyesha, andika jumla, niwekee hapa kabla hujatuma. Na huyo wa Telegram muulize kitu kimoja tu: muamala wangu ni baiti ngapi? Akikutumia sauti ya "endelea", niletee nikuwekee na ya kwangu, tusikilize kama ni mtu mmoja.