QRS ikiwa pana, anza na V1

Mnaoanza kusoma ECG wodini, msikimbilie maneno ambayo mashine imechapa juu ya karatasi. Hesabuni kwanza. Kwa mwendo wa kawaida wa 25 mm kwa sekunde, kisanduku kidogo ni milisekunde 40, hivyo QRS ya visanduku vitatu au zaidi ni pana. Mkishaona P mbele ya kila pigo, nendeni V1 kujua ni tawi lipi la njia ya umeme wa moyo limeziba, la kulia au la kushoto.

V1 inakaa kulia kwa mfupa wa kifua. Tawi la kulia likiziba, ventrikali ya kulia hupata umeme kwa kuchelewa, na umeme huo wa mwisho huielekea V1: kilele kidogo, bonde, kisha kilele kikubwa. Kwenye V6 kuna S iliyotanuka. Likiziba la kushoto, umeme unaikimbia V1, kwa hiyo QRS yake karibu yote iko chini, na V6 ina kilele kipana chenye kibonyeo. Ile q ndogo ya V6 hupotea, maana ukuta wa kati wa moyo kwa kawaida huwashwa na tawi la kushoto.

La kulia unaweza kulikuta kwa mtu mwenye moyo mzima. Lakini likitokea ghafla pamoja na kukosa pumzi, fikiria bonge la damu kwenye mapafu. Kwa kijana, sikiliza kama kuna tundu kati ya atiria. La kushoto mimi silipuuzi kamwe. Mara nyingi nyuma yake kuna presha ya miaka mingi, misuli ya moyo iliyochoka, mishipa ya moyo iliyoziba au vali ya aota iliyobana. Mgonjwa anahitaji eko hata kama anajisikia vizuri.

Tuseme mama wa miaka 58 mwenye presha anachoka akipanda ngazi, kifua hakimuumi. QRS ni milisekunde 152, V1 ina S ya kina na ST imepanda 2 mm, V6 ina T iliyopinduka. Mgeni ataandika "shambulio la moyo". Hapana: tawi la kushoto likiziba, ST na T huenda kinyume na QRS, na hapa zimefanya hivyo hasa. Huyu apelekwe eko.

Angekuja na maumivu ya kifua, ningetafuta zinazokwenda pamoja na QRS: ST iliyopanda 1 mm mahali ambapo QRS iko juu, au iliyoshuka 1 mm kwenye V1 hadi V3. Ukiziona, mtibu kama mwenye shambulio. Usipoziona bado hujaliondoa. Pima troponini, rudia ECG, na maumivu yakiendelea mwite mkubwa wako. Kwa tawi la kulia kazi ni nyepesi zaidi, kwani mwanzo wa QRS haujaharibika: Q ya kovu la zamani na ST iliyopanda husomeka karibu kama kawaida. Ila kwenye V1 hadi V3, ST kushuka kidogo na T kupinduka ni sehemu ya tawi lenyewe.