Kosa la Tarakimu Moja

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ameshindwa usaili wa kazi, na kwamba tangu siku hiyo "anatafakari" majibu yake kila usiku mpaka karibu na alfajiri. Nilimjibu kwamba hiyo si tafakuri. Ninaijua hali hiyo vizuri, kwa maana ilinitafuna mwaka mzima.

Mimi ni mkalimani wa mikutano. Katika mkutano mmoja jijini Arusha, msemaji alitaja kwa Kiingereza shilingi milioni 15, nami nikatamka milioni 50. Mwenyekiti alinisahihisha mbele ya ukumbi mzima, na waandaaji hawakuniita tena, ingawa nilikuwa nimewatumikia miaka 6 bila dosari. (Hata simu ya kunieleza hawakupiga.)

Usiku nilijiuliza swali moja tu: kwa nini mimi niko hivi? Jibu lilikuwa lile lile, kwamba sifai. Hatari ya kucheua mawazo namna hii ni kwamba hufanana na kazi. Nilijiona muungwana anayewajibika kwa kosa lake, ilhali sikuwa nimejifunza lolote. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amekwisha kuwapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya tetemeko la ardhi la Loma Prieta, California, mwaka 1989. Alipowapima tena, majuma 7 baada ya tetemeko, wale waliozoea kuzungukia huzuni yao ndio waliokuwa na dalili zaidi za sonona.

Nilipata nafuu siku nilipoitafuta daftari ya mkutano ule na kuandika kilichotokea, hatua kwa hatua, bila kugusa tabia yangu. Kwa kawaida wakalimani wawili hupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Siku ile mwenzangu alichelewa, nami nilikuwa nimesema karibu saa nzima. Kwa Kiingereza namba hizo mbili hutofautiana mwishoni tu, na sikio lililochoka huumeza mwisho huo. Tena, kwenye daftari tarakimu yenyewe haikuwapo: sikuwa nimeiandika. Zoezi zima lilichukua dakika 20. Tangu hapo sianzi kazi mwenzangu asipokuwapo, na kila namba huiandika kabla ya kuitamka.

Wazo lile bado hunirudia, hasa saa nane za usiku, wakati ambapo hakuna la maana linaloweza kuchunguzwa. Basi hulipima kwa jambo moja: je, limeniletea kitu ambacho jana sikukijua? Kama hakuna, huinuka kitandani. Nanyi mnaojisifu kwamba mnajihoji sana, jipimeni hivyo hivyo.

Nilimwomba msomaji wangu aniandikie, neno kwa neno, swali la usaili lililomkwamisha. Alinijibu jana kwamba halikumbuki.