Rejesta ya mgongano wa maslahi: kumnasa mjumbe wa tathmini

“Nina mafaili ya matamko ya maslahi. Nitajuaje nani anagongana na zabuni inayotathminiwa sasa?”

Mkuu, usiandike mstari mmoja kwa kila mtumishi. Andika mmoja kwa kila maslahi. Mtumishi mwenye hisa kampuni moja na shemeji aliye mkurugenzi kwingine anapata mistari miwili. Safu A weka namba ya mtumishi, E weka TIN ya kampuni. Majina yatakuangusha: “Ltd” na “Limited” kwa kompyuta ni kampuni mbili.

Kisha karatasi mbili: Wajumbe (A zabuni, B namba ya mtumishi) na Wazabuni (A zabuni, B TIN). Rudi kwenye rejesta, safu tupu ya mstari wa 2, weka hii na uivute chini:

```
=SUMPRODUCT((Wajumbe!B$2:B$50=A2)*COUNTIFS(Wazabuni!A:A,Wajumbe!A$2:A$50,Wazabuni!B:B,E2))
```

Ikizidi 0, kampuni ya mstari huo imo kwenye zabuni ambayo mtumishi wako anaitathmini. Ila TIN ikiwa tupu, au ina vistari upande mmoja tu, jibu ni 0 na mtu anaonekana msafi. Zipake rangi TIN tupu, uzitafute na uzijaze.

Tamko la mwaka pekee halitoshi. Wajumbe watamke upya baada ya ufunguzi, wakiwa wameshaona majina ya wazabuni. Anayegongana mpeleke kwa ofisa masuuli aamue. Fomula haimtoi mtu kwenye kamati.