Kumtambulisha daktari mpya kwa wagonjwa waliokaa benchi

"Kliniki yetu ipo Moshi. Daktari wa zamani ameondoka, na wazee wa presha na sukari wanasema hawamtaki mgeni. Nimtambulisheje mpya?"

Pole, ndugu. Wazee hao wanahofia kuanza upya kueleza historia yao yote, na dawa kubadilishwa ghafla. Utambulisho ujibu hofu hiyo kwanza. Sifa za vyeo zisubiri.

Asubuhi, wagonjwa wakishaandikishwa na mahututi wakishapelekwa ndani, asimame muuguzi wanayemfahamu. Dakika tatu zinatosha. Daktari asimame karibu na benchi, aanze na "Shikamooni wazazi wangu", kisha jina, chumba na siku zake za zamu. Halafu aseme: "Mafaili yenu ninayo. Sitabadilisha dawa ya mtu kabla sijampima na kumweleza sababu." Aseme hivyo ikiwa mafaili kweli yapo. Mzee akiahidiwa halafu akaulizwa tena, "Unatumia dawa gani?", imani imekwisha. Hata faili likiwepo, daktari alisome kabla ya kumwita, na swali liwe: "Naona unatumia dawa hii, bado unaimeza?"

Msimsifu kwa kumlinganisha na aliyeondoka. Wakiuliza yuko wapi, semeni amehama, bila zaidi.

Kuna hatari moja kubwa: mama anaweza kusimama aanze kueleza ugonjwa wake mbele ya watu. Daktari amwambie kwa upole, "Hilo tutaongea chumbani, mama." Benchi zima litaona kwamba siri zao zitatunzwa.

Rudieni saa nne kwa waliochelewa.